Kufupisha Mazungumzo Marefu ya Kundi la Familia: Kusoma Mwanzo hadi Mwisho au Kutafuta kwa Maneno?

Familia inapokuwa na jambo zito mbele yake, kundi la WhatsApp hujaa haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma, na baada ya wiki mbili au tatu hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nini kilichoamuliwa, nani aliahidi kiasi gani na ni kazi ipi ambayo bado haina mwenyewe. Hapo ndipo mtu mmoja huombwa awatolee wenzake muhtasari. Nimefanya kazi hiyo mara kadhaa katika familia yetu, na kila mara nimelazimika kuchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kusoma mazungumzo yote ndani ya programu yenyewe, tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho. Ya pili ni kuyahamisha mazungumzo yawe faili ya maandishi na kutafuta humo maneno yanayohusika. Nitazilinganisha kwa kutumia kazi moja tu niliyoifanya kwa njia zote mbili, kwa sababu ilinionyesha mahali ambapo kila njia hukosea bila mtu kujua kwamba imekosea.

Jambo lenyewe lilikuwa upasuaji wa mtoto wa jicho wa mama yetu. Kundi lilikuwa na ujumbe 1,412 wa siku ishirini na moja, na kati ya huo 96 ulikuwa wa sauti. Dada yangu ndiye aliyekuwa mweka hazina. Lengo la michango lilikuwa 600,000, na watu wote waliamini kwamba ahadi zilikuwa zimelipita lengo hilo kidogo.

Kila njia inavyofanyika

Anayechagua kusoma hufungua kundi, hupanda hadi siku jambo lilipoanza, kisha hushuka polepole akiwa na daftari lenye kurasa tatu: maamuzi, fedha na kazi. Kila anachoandika hukiwekea tarehe, saa na jina la msemaji. Hili ni sharti, kwa sababu maelezo yasiyo na saa hayawezi kukaguliwa na mtu mwingine, na muhtasari wa familia usioweza kukaguliwa huzaa ubishi mpya. Ujumbe wa sauti husikilizwa mahali ulipo na haurukwi kwa nia ya kuurudia baadaye, maana baadaye hiyo haifiki. Mimi nilitumia jioni mbili, kwa jumla saa tano hivi, na zaidi ya saa moja kati ya hizo iliishia kwenye sauti peke yake.

Anayechagua kutafuta hufungua menyu ya kundi, huchagua `Export chat`, kisha `Without media`, na hupata faili moja yenye maandishi matupu. Kwa njia hiyo isiyo na picha, programu hutoa hadi ujumbe 40,000 wa karibuni, kwa hiyo kundi la kawaida la familia huingia lote. Katika simu za Android kila ujumbe huanza na mstari wa namna hii:

```
06/03/2025, 21:07 - Kaka Mkubwa: Hiyo hiyo, tusibadilishe tena.
```

Jina linaloonekana hapo ni lile ulilolihifadhi wewe kwenye simu yako, si lile mtu alilojiita. Ikiwa namba ya mjomba hukuihifadhi, mjomba atakuwa namba tu ndani ya faili, na utamsahau kwa urahisi wakati wa kujumlisha. Inafaa kuhifadhi majina yote kwanza, kisha kuhamisha. Vilevile, ikiwa kundi limewashiwa ulinzi wa ziada wa faragha, programu itakataa kuhamisha, na hapo hakuna la kuchagua tena: itabidi usome.

Faili ikishapatikana, mtu anaweza kuifungua katika programu yoyote ya maandishi na kutafuta neno moja baada ya jingine, au anayeijua kompyuta kidogo anaweza kutafuta maneno yote kwa amri moja:

```
grep -n -i -E "chang|ahadi|toa|tuma|tumi|elfu|000" kundi.txt
```

Amri hii ilinipa mistari 203 katika muda wa kufumba na kufumbua, na nikaichambua kwa dakika arobaini. Nimetumia mashina ya maneno badala ya maneno kamili kwa sababu kitenzi chetu hubeba nafsi na wakati mbele yake. Ukitafuta neno kamili «nitachangia», utawakosa waliosema «tutachangia», «nachangia» na «mchango wangu uko njiani», ilhali shina «chang» huwakamata wote. Bei ya urahisi huo ni kwamba shina hilo huleta pia «changamoto» na «kuchanganya», nayo haichukui muda kuifuta. Hasara kubwa zaidi hutokea mtu anapotafuta «tuma» peke yake na kusahau kwamba watu wengi hawasemi «nimetuma», wao husema «dada, nimekutumia». Kwetu, nusu ya taarifa za fedha zilizokwisha kutolewa ziliandikwa kwa namna hiyo ya pili, na zingepotea zote kama nisingeongeza «tumi».

Jaribio la kutafuta tarakimu zozote halisaidii, kwa kuwa kila ujumbe unaanza na tarehe na karibu faili nzima itarudi kama ilivyo. Ndiyo sababu nimeweka «000» na «elfu». Hata hivyo bado humo hamna mtu aliyeandika «mimi 50» au «weka hamsini yangu», naye yupo katika kila familia.

Fedha zilizoahidiwa

Katika upande wa fedha, kutafuta kwa maneno kunashinda kwa mbali, na sababu yake ni tabia ya orodha ya kunakili. Mtu wa kwanza huandika orodha ya michango, wa pili huinakili, huongeza jina lake chini na kuituma upya, na wa tatu hufanya vivyo hivyo. Msomaji anayeshuka ndani ya kundi hukutana na orodha ileile mara kumi, kila mara ikiwa ndefu kidogo, na baada ya mara ya tatu jicho lake huruka hadi jina la mwisho. Mimi nilifanya hivyo. Niliichukua orodha ya mwisho kuwa ndiyo sahihi, yenye majina kumi na moja na jumla ya 610,000, nikaandika kwamba lengo limepitwa kwa 10,000.

Kosa lilijificha katika orodha ya saba. Shangazi na binamu yangu walikuwa wamenakili orodha ileile yenye majina sita karibu katika dakika ileile, kila mmoja akajiandika wa saba na kuituma. Aliyefuata alinakili iliyokuwa chini, yaani ya binamu, na tangu hapo shangazi na ahadi yake ya 60,000 akatoweka. Hakuna aliyemfuta. Alipotea kwa sababu orodha iligawanyika njia mbili na njia moja haikuendelea. Yeye mwenyewe hakulalamika, kwani akilini mwake alikuwa ameshajiandikisha.

Ndani ya faili, jambo hili huonekana wazi kwa kutafuta namba ya mstari wa orodha:

```
grep -n "^7\." kundi.txt
```

Matokeo yalikuwa na jina la binamu mara tano na jina la shangazi mara moja. Jina linalotokea mara moja tu, katika nafasi ambayo baadaye inashikwa na mtu mwingine, ndiyo dalili ya mtu aliyepotea. Nilirudia utafutaji huo kwa kila namba kuanzia mbili hadi kumi na moja, na haukuchukua hata dakika kumi. Ukague kwa uangalifu jambo moja: mistari ya ndani ya ujumbe mrefu haina tarehe wala jina la aliyeutuma, kwa sababu tarehe huwekwa kwenye mstari wa kwanza pekee. Amri itakupa namba ya mstari, nawe utapanda kutoka hapo hadi upate mstari wenye tarehe.

Lakini utafutaji huohuo uliniacha na kosa la upande wa pili. Orodha ilikuwa na 80,000 mbele ya jina la kaka mkubwa na 80,000 nyingine mbele ya jina la wifi, mke wake. Faili ilionyesha watu wawili, ahadi mbili. Ukweli ulikuwa katika ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na nne ambamo wifi alisema kwamba alijiandika ili familia ijue kuwa wametoa pamoja, na kwamba fedha ni ile ile moja. Katika faili ujumbe huo ulikuwa umebaki mstari usiosema kitu, `<Media omitted>`, na hakuna neno la kutafuta ambalo lingeufikia. Niliupata kwa kuwa nilikuwa nimeusikiliza wakati wa kusoma.

Hesabu ikawa hivi. Kutoka 610,000 za orodha ya mwisho niliongeza 60,000 za shangazi, ikawa 670,000, kisha nikaondoa 80,000 zilizohesabiwa mara mbili, ikabaki 590,000. Familia iliyodhani ina ziada ya 10,000 ilikuwa imepungukiwa 10,000. Makosa mawili yalikuwa yamekaribia kufutana, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Jumla inayokaribia lengo humfanya kila mtu aamini kwamba mistari iliyo ndani yake ni sahihi.

Naongeza jambo moja ambalo njia zote mbili hulivuruga ikiwa mwandishi hakujipanga tangu mwanzo. Fedha ya familia ina hali tatu, nazo hazipaswi kuchanganywa katika safu moja: iliyoahidiwa, ambayo mtoaji anasema ameituma, na ambayo mweka hazina amesema ameipokea. Katika 590,000 zile, dada alikuwa amethibitisha kupokea 340,000. 70,000 zilikuwa za watu wawili waliosema wametuma lakini dada hakuwa amejibu. Na 180,000 zilikuwa ahadi tupu, nyingine zikiwa na masharti kama «mwisho wa mwezi, Mungu akijalia». Sharti la namna hiyo linakiliwe kama lilivyosemwa. Ukiandika «mjomba 50,000» bila sharti lake, umemwekea mjomba deni ambalo hakulikubali, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Maamuzi yaliyofikiwa

Hapa mizani inageuka kabisa, na nisingemshauri mtu yeyote ategemee faili peke yake. Uamuzi katika kundi la familia mara chache huandikwa kwa maneno «tumeamua». Huwa ni pendekezo la mmoja, likifuatwa na madole gumba ya watu tisa, kisha mazungumzo yanahamia jambo jingine. Madole gumba yaliyowekwa juu ya ujumbe hayahamishwi kwenye faili. Pendekezo lililokubaliwa na watu wote na pendekezo lililopuuzwa na watu wote huonekana humo kwa sura ileile: mstari mmoja usio na jibu.

La pili ni kubwa zaidi. Mtu anapojibu ujumbe fulani kwa kuunukuu, ndani ya programu ule ujumbe ulionukuliwa huonekana juu ya jibu lake. Katika faili nukuu hiyo huondolewa na jibu hubaki peke yake, chini ya chochote kilichotumwa dakika hiyo. Turudi kwenye mstari niliouonyesha hapo juu. Upasuaji ulikuwa umepangwa tarehe 14 Machi, kisha dada akaleta habari kwamba kliniki imeusogeza hadi tarehe 21. Watu wakaanza kupendekeza siku zao. Faili ilisomeka hivi:

```
06/03/2025, 21:05 - Binamu: Kwa sisi tunaosafiri, tarehe 24 ndiyo nzuri.
06/03/2025, 21:06 - Shangazi: Nami naona hivyo.
06/03/2025, 21:07 - Kaka Mkubwa: Hiyo hiyo, tusibadilishe tena.
```

Yeyote atakayesoma mistari hii mitatu ataandika kwamba upasuaji ni tarehe 24 na kwamba kaka mkubwa ndiye aliyefunga mjadala. Mimi niliandika hivyo. Nilipofungua kundi lenyewe nikaona kwamba kaka alikuwa ameunukuu ujumbe wa dada wa mchana, ule wa kliniki na tarehe 21. «Hiyo hiyo» yake ilikuwa ya kuyakataa mapendekezo ya binamu na shangazi, nami nilikuwa nimeigeuza kuwa ya kuyakubali. Kama muhtasari wangu ungetoka na tarehe 24, mama angefika kliniki siku tatu baada ya nafasi yake kupita.

Kwa hiyo maneno kama «hiyo hiyo», «sawa», «hapo umenena» na «naunga mkono» yanapotokea kwenye faili yachukuliwe kuwa ni alama ya kwenda kutazama ndani ya programu, si ushahidi wa makubaliano. Nimejizoesha kuyatafuta makusudi, kuandika saa zake, kisha kuzifuata saa hizo ndani ya kundi moja baada ya nyingine. Kwetu zilikuwa thelathini na nane. Hiyo si kazi ndefu.

Kuhusu maamuzi, kuna namna ya kusoma ambayo naiona bora kuliko kuanza mwanzo: anza mwisho. Ukianza na ujumbe wa leo na kupanda, uamuzi wa kwanza utakaokutana nao kuhusu tarehe ndio unaosimama, na yote utakayoyakuta juu yake ni historia. Anayeanza mwanzo huandika tarehe 14, huifuta, huandika 21, huhangaika na 24, na daftari lake hujaa maamuzi yaliyokufa ambayo baadhi husahau kuyafuta. Lakini namna hii ya kupanda haifai kwa fedha, kwa sababu ahadi ya mwanzoni haifutwi na ahadi ya mwishoni ya mtu mwingine. Zote ziko hai mpaka zilipwe au mwenyewe aziondoe.

Pia ieleweke kwamba ujumbe uliofutwa hubaki kama alama tu katika njia zote mbili, na ujumbe uliohaririwa huonyesha maneno ya mwisho peke yake. Hariri inaruhusiwa ndani ya dakika kumi na tano tu tangu kutumwa, kwa hiyo haibadilishi sana kumbukumbu. Lakini ukiona majibu yasiyolingana na ujumbe uliopo juu yake, tazama kama pana alama ya kuhaririwa kabla ya kumlaumu aliyejibu.

Kazi zisizo na mwenyewe

Sehemu hii ndiyo watu huitaka zaidi katika muhtasari, na ndiyo ambayo hakuna njia kati ya hizi mbili inayoileta moja kwa moja. Ahadi ina maneno yake, uamuzi una dalili zake, lakini kazi isiyo na mwenyewe ni jambo ambalo halikusemwa: jina halikutajwa. Huwezi kutafuta neno ambalo halipo.

Kinachoweza kutafutwa ni umbo la sentensi ambamo kazi za namna hiyo hujificha. Katika Kiswahili hujificha mahali pawili. Kwanza ni katika nafsi ya «sisi»: «tumpigie daktari», «tuulize kuhusu dawa», «tusisahau kumwandalia chumba». Kila msomaji huisoma «tu» hiyo kama mtu mwingine. Pili ni katika kitenzi kisichomtaja mtendaji: «vipimo vichukuliwe mapema», «inabidi mtu awepo», «mama asindikizwe». Nilitafuta «inabidi», «lazima», «mtu», «nani» na shina «sisahau», nikapata mistari 61, na kumi na saba kati ya hiyo ilikuwa kazi halisi.

Baada ya hapo kila moja huulizwa swali moja: je, baada yake kuna mtu aliyesema «mimi»? Jibu la «kweli kabisa» si la mtu aliyechukua kazi, wala «wazo zuri», wala dole gumba. Hata anayesema «nitajaribu kuangalia» hajaichukua bado. Mwandike pembeni kama aliyegusa, ili aulizwe. Kwa kipimo hicho, kumi na moja kati ya zile kumi na saba zilikuwa na wenyewe, mbili zilikuwa zimeguswa, na nne hazikuwa na mtu.

Moja ya nne hizo nitaieleza, kwa kuwa inaonyesha jinsi kazi inavyopotea mbele ya macho ya watu wote. Siku ya tisa, shangazi aliandika kwamba baada ya upasuaji mama atahitaji kuwekewa matone ya jicho mara kadhaa kila siku kwa wiki kadhaa, na kwamba yasisahauliwe. Watu sita walijibu. Mmoja alisema ni jambo la msingi, mwingine akasimulia jirani aliyeyapuuza na jicho likasumbua, wa tatu akaomba shangazi abarikiwe kwa kukumbusha. Katika daftari langu la kusoma nilikuwa nimeliweka chini ya maamuzi: «matone yatawekwa». Majibu yalikuwa mengi na ya dhati kiasi kwamba nililiona jambo lililokwisha. Ni utafutaji wa «sisahau» ndani ya faili, uliponiletea mstari huo ukiwa mtupu bila ule msisimko uliouzunguka, ulionifanya nione kwamba hakuna mkono uliotajwa wa kuyaweka.

Hapa basi umaskini wa faili, ambao kwenye maamuzi ulikuwa hasara, uligeuka kuwa msaada. Kusoma ndani ya kundi kunakuletea joto la mazungumzo, na joto hilo humdanganya mtu kuhusu kazi hata kama linamsaidia kuhusu makubaliano.

Njia nyingine ya kuzikamata kazi hizi, ambayo nimeona inazidi kutafuta maneno, ni kutoka kwenye ukurasa wa maamuzi wenyewe. Chukua kila uamuzi na ujiulize ni mikono mingapi inahitajika ili utimie. Upasuaji tarehe 21 saa mbili asubuhi unahitaji mtu wa kumfikisha, mtu wa kukaa naye, mtu wa kumrudisha, na kwa kawaida mtu wa kumpeleka tena siku inayofuata ili jicho liangaliwe. Safari ya siku ya pili haikuwahi kutajwa na yeyote katika ujumbe wote 1,412, kwa hiyo haikuwa miongoni mwa zile nne. Ilikuwa kazi ya tano, na ilipatikana kwa kufikiri tu. Iandike, lakini weka alama kwamba imetoka kwako na si kwenye mazungumzo, ili watu wasiitafute humo wakaikosa.

Ni ipi ya kuchagua

Ikiwa ujumbe haujafika mia tano na wa sauti ni michache, soma ndani ya kundi na usijisumbue na faili. Muda utakaotumia kuhamisha, kutafuta na kurudi kukagua hautakuwa mfupi kuliko wa kusoma. Pia ikiwa wazee wa familia ndio wanaoamua na wao hutumia sauti zaidi ya maandishi, kusoma na kusikiliza ndiyo njia pekee ya kweli, hata ujumbe uwe elfu tatu. Faili ya kundi la namna hiyo ni mistari ya `<Media omitted>` na maoni ya vijana.

Ikiwa kinachotakiwa ni fedha tu, yaani mweka hazina anataka kujua nani amesema nini, hamisha na utafute, kisha usikilize ujumbe wa sauti wa wale tu walio kwenye orodha. Kwa kundi letu hiyo ingekuwa sauti ishirini na mbili badala ya 96.

Na ikiwa yote matatu yanatakiwa kutoka kwenye kundi kubwa, nisingechagua moja. Ningeanza na faili kwa ajili ya fedha, ningetumia faili hiyohiyo kupata saa za maneno ya kukubali, ningefungua kundi kukagua saa hizo nikipanda kutoka mwisho, na ningemalizia na kazi nikiwa na ukurasa wa maamuzi mkononi. Nikikadiria kwa kazi ile, mpangilio huo ungenichukua chini ya saa tatu badala ya zile tano pamoja na dakika arobaini nilizotumia kwa kufanya njia zote mbili kamili. Faili yenyewe, kwa kuwa ina habari za afya ya mama na fedha za watu, niliifuta kwenye kompyuta na kwenye barua pepe iliyoipitisha siku hiyohiyo.

Muhtasari niliurudisha kundini kwa ujumbe mitatu tofauti, kila mmoja na ukurasa wake, kwa sababu ukiuweka wote katika ujumbe mmoja watu hujibu «ahsante» bila kujua wanaitikia nini. Wa fedha uliomba kila mtu athibitishe mstari wake mwenyewe tu. Shangazi alijibu wa kwanza, akishangaa kwamba hakuwamo. Kaka mkubwa aliomba jina la wifi libaki kando ya lake katika mstari mmoja, ombi la haki, nami nikaliandika hivyo. Ujumbe wa kazi haukuwa na «tu» hata moja. Kila mstari ulianza na neno «nani»:

```
Nani atamwekea mama matone asubuhi?
Nani atamwekea matone mchana na jioni?
Nani atamrudisha kliniki tarehe 22? (hili sikulikuta humu, nimeliongeza)
```

Mpwa wangu anayeishi na mama alichukua asubuhi na jioni kabla usiku haujaingia. Mchana yuko shuleni, hivyo binamu akachukua mchana. Mstari wa tarehe 22 ulikaa wazi siku mbili, nami nikaurudia peke yake, bila salamu na bila maelezo, mpaka mjomba alipoandika chini yake: «Mimi.»